Picha ya kontere ya maji: «Ni sawa hivi?»

Mama Neema, Muhungu, Bukavu. Tarehe 5 Machi, saa 12:40 jioni

Jambo fundi. Natuma picha ya kontere yetu, nimeipiga sasa hivi. Fakitire imekuja na 115 m³, na mwezi uliotangulia tulikuwa na 16 tu. Nimesoma mwenyewe nikapata 309756. Ni sawa hivi? Kontere ni ile ya zamani, yenye visahani sita na mishale midogo. Kwenye fakitire wameandika indeksi ya zamani 2969, indeksi mpya 3084, imesomwa tarehe 28/2. Nyumbani tuko watu sita.

Fundi

Jambo mama. Si sawa. Yako si sawa, na ya fakitire pia si sawa. Picha yako inasema 2987,46, yaani metre kibe 2987 na juu yake lita 460. Wewe na aliyeandika fakitire mmekwama kwenye visahani vilevile vya kushoto.

Kuza picha utazame namba za kila kisahani, si mshale kwanza. Kwenye kisahani kimoja 1 iko kulia kwa 0, kwenye kinachofuata 1 iko kushoto. Kilichoandikwa ×1000 kinahesabu kwenda kushoto, ×100 kwenda kulia, ×10 kushoto, ×1 kulia. Vyekundu vinaendelea vilevile: ×0,1 kushoto, ×0,01 kulia. Ndani mna magurudumu ya meno yanayosukumana, na magurudumu mawili yaliyoshikana meno hayawezi kuzunguka upande mmoja. Konteri nyingine zina gurudumu la ziada katikati, ndiyo sababu mishale yake yote inaenda kulia. Kwa hiyo usikariri kushoto-kulia-kushoto ukaenda nayo kwa kontere ya jirani. Fuata namba zilizochapwa: mshale huenda kule ambako namba zinapanda.

Kanuni ni hii. Mshale ukiwa kati ya namba mbili, andika ile ndogo, hata kama mshale umeikaribia sana kubwa. Ukiwa kati ya 9 na 0, andika 9, maana hapo 0 ni kumi ambayo haijafika. Wewe ulichukua namba ambayo mshale ungekuwa umeipita kama ungekuwa unaenda kama saa ya ukutani. Kwenye kisahani kinachoenda kushoto, hiyo ni namba ya mbele, sio ya nyuma.

Sasa tuanze kulia tuende kushoto. Wengi wanaanza kushoto kwa sababu ndivyo tunavyoandika namba, ila kisahani cha kulia ndicho kinachoamua cha kushoto kwake kisomwe vipi.

×0,01 (nyekundu): mshale uko juu ya 6. Andika 6.

×0,1 (nyekundu, kinaenda kushoto): uko kati ya 4 na 5, umepita nusu kidogo. Uliandika 5, ni 4. Na ona: kisahani cha kulia kinasema 6, kwa hiyo huu lazima uwe umetembea sehemu sita kati ya kumi kutoka 4 kwenda 5. Ndipo ulipo.

×1 (nyeusi): kati ya 7 na 8, karibu katikati. 7. Hapa ulipata.

×10 (nyeusi, kushoto): kati ya 8 na 9, umeelekea 9. Uliandika 9, ni 8. Cha kulia kinasema 7 na kidogo, kwa hiyo mshale umemaliza sehemu saba kati ya kumi za safari ya kwenda 9. Kama ungekuwa 9 kweli, ungekuwa umeipita 9 na kuikaribia 0.

×100 (nyeusi): hapa ndipo pesa ziko. Mshale uko upande wa kushoto wa 0, karibu sana. Jicho linasema 0. Lakini ×10 bado iko kwenye 8, haijavuka 0, basi ×100 haijafika 0. Ni 9.

×1000 (nyeusi, kushoto): unaonekana umekaa juu ya 3. Ni 2 kwa sababu hiyohiyo: ×100 haijamaliza mzunguko. Kati ya 2987 na 3087 mshale huu unasogea sehemu moja ya kumi ya nafasi kati ya namba mbili, na hakuna jicho la kuaminika kwa hilo, hasa kwenye kioo chenye ukungu. Wasikushike kwenye ×1000, waombe watazame ×100. Kama ingekuwa 3087, mshale wa ×100 ungekuwa unakaribia 1. Wako uko nyuma ya 0.

Vyeusi: 2, 9, 8, 7. Vyekundu: 4, 6.

Kuhusu vipimo: katikati ya kontere yako imeandikwa m³. Visahani vyeusi vinahesabu metre kibe nzima, na hizo ndizo zinazoingia kwenye fakitire. Vyekundu ni vipande vya metre kibe: namba moja ya ×0,1 ni lita 100, namba moja ya ×0,01 ni lita 10. Ukiunganisha vyote bila koma, kama ulivyofanya, namba inakua mara mia. Usiandike namba kwenye karatasi bila «m³» pembeni. Mtu wa ofisini akiona 298746 tupu anaweza kuidhani ni lita, na lita 298746 ni karibu 299 m³, kitu kingine kabisa.

Ukitaka uhakika wa vipimo bila kumwamini mtu: funga robine zote, tazama ×0,01, kisha jaza bidoni ya lita 20 mpaka kwenye alama. Mshale lazima usogee namba mbili. Ukisogea tatu au nne, ama kuna maji yanaondoka kwingine, ama kontere ina kasoro. Fanya na bidoni tano mfululizo, tofauti ndogo ya bidoni moja isikudanganye. Tano ni lita 100, na ×0,01 itazunguka mara moja kamili.

Sasa fakitire. Tarehe 28/2 wameandika 3084. Leo, siku tano baadaye, kontere iko 2987. Kwa hiyo ile 3084 ilipaswa kuwa 2984. Toa: 2984 − 2969 = 15 m³, na wao wameandika 115. Tofauti ni 100 kamili. Mavujo hayatoi 100 kamili. Kosa la kusoma ×100 ndilo linatoa. Ajan amesoma ×10 na ×1 vizuri, akaandika 0 badala ya 9, kisha 3 badala ya 2.

Lita 115 000 kwa siku 28 za Februari ni bidoni 205 za lita 20 kila siku. Kwa watu sita, hata ukifua nguo za avenyu nzima, hapana. Kwa 15 m³ inakuja lita 89 hivi kwa mtu kwa siku, na inalingana na mwezi wenu uliotangulia.

Mama Neema

Asanti sana fundi. Na wakisema kontere imerudi nyuma kwa sababu maji yanakatika kila mara?

Fundi

Wanaweza kusema, na kuna ukweli mdogo ndani. Maji yakikatika, bomba la chini ya mlima linaisha maji, na kama hakuna valvu ya kuzuia kurudi, maji ya nyumbani yanaweza kurudi na kuzungusha mishale kinyume. Lakini kinachorudi ni kile kilichokuwa kwenye bomba lenu, na kwenye tangi kama lipo na limeungwa kwa chini. Hizo ni lita. Ili kutoka 3084 mpaka 2987 zingerudi lita 97 000. Waulize tangi hilo liko wapi.

Kinyume chake ndicho cha kuchunga: maji yakirudi baada ya kukatika, hewa iliyo ndani ya bomba inapita mbele na kuzungusha kontere. Fungua robine polepole, ile ya chini kabisa, mpaka iache kukohoa.

Kabla ya kwenda, piga picha nyingine. Ile ya leo imepigwa kwa pembeni, na mshale ulioinuka juu ya sahani ukitazamwa kwa pembeni unaonekana umesogea. Futa kioo kwa kitambaa chenye maji, shika simu sawasawa juu ya kontere, usitumie mwanga wa simu kwa sababu unang'aa kwenye kioo na kuficha namba. Mtu asimame kukukinga jua. Picha ionyeshe visahani vyote sita, alama ya m³ na namba ya kontere iliyochapwa pembeni. Usitumie kamera ya mbele: simu nyingine zinageuza picha kama kioo, na hapo kulia kunakuwa kushoto.

Robine zikiwa zote zimefungwa, tazama pia kile kinyota kidogo chekundu. Kwenye picha huwezi kujua kama kinazunguka. Piga video ya dakika moja. Kikizunguka, kuna mvujo, mara nyingi ni choo, na wao watautumia kukujibu. Kisipozunguka umewafungia mlango huo.

Andika hivi, usiongeze hasira:

> Bukavu, tarehe 6 Machi
>
> Kwa mkuu wa huduma ya wateja,
>
> Ninaomba fakitire ya Februari isahihishwe. Indeksi ya zamani ni 2969 m³. Indeksi mpya iliyoandikwa tarehe 28 Februari ni 3084 m³. Tarehe 5 Machi kontere ilionyesha 2987,46 m³, picha iko hapa pamoja na namba ya kontere. Indeksi ya baadaye haiwezi kuwa ndogo kuliko ya kabla yake.
>
> Kisahani cha ×100 kiko kati ya 9 na 0, na kimesomwa 0. Indeksi ya tarehe 28 Februari inapaswa kuwa 2984 m³, na matumizi 15 m³ badala ya 115 m³.
>
> Ninaomba ajan aje kusoma kontere mbele yangu, na malipo ya 100 m³ zinazobishaniwa yasimamishwe mpaka asome.

Chukua nakala mbili, wapige muhuri kwenye yako. Na nenda mapema wiki hii. Kwa matumizi yenu mtavuka 3000 m³ kabla ya mwisho wa Machi. ×100 itaingia 0 kwa haki, na mtu akija kutazama siku hiyo ataona 0 na kusema ajan alisoma vizuri. Ndiyo maana picha ya kesho ni muhimu kuliko maneno yangu yote. Itume hapa kwanza niione.