Toksoplasma na leishmania: mizunguko miwili ya vimelea vya ndani ya seli
Maelezo ya somo kwa wanafunzi wa utabibu, mwaka wa pili, Tanga

Katika jaribio lililopita wengi wenu mlichora mzunguko mmoja na kuugeuza majina: paka akakaa mahali pa nzi, nzi akakaa mahali pa paka, binadamu akabaki katikati. Nawaomba mwaache kabisa mchoro ule. Vimelea hivi viwili ni protozoa, vyote huishi ndani ya seli zetu, vyote hupitia mnyama au mdudu, lakini vinatoka koo mbili tofauti. Toksoplasma ni ndugu wa kimelea cha malaria. Leishmania ni ndugu wa tripanosoma anayeleta malale.

Kuvichanganya si jambo geni. Mwaka 1908, mjini Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux walikuwa wakichunguza leishmania. Katika panya wa jangwani aitwaye gundi wakakuta kimelea kidogo ndani ya seli, na mwanzoni wakakidhani ni leishmania. Baadaye waliona kwamba hakina kinetoplasti, ile chembe ya DNA inayokaa kando ya kiini cha leishmania na kuonekana kama kifimbo chini ya rangi ya Giemsa. Mwaka 1909 wakakipa jina lake. Basi mkiwa maabara, tafuteni kifimbo hicho kwanza. Kikiwepo kando ya kiini, mnatazama amastigoti, umbo la leishmania linaloishi ndani ya seli.

Tuanzie mlangoni mwa seli, maana hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Takizoiti, umbo la toksoplasma linaloongezeka haraka, hana mjeledi, lakini hutambaa kwa nguvu zake mwenyewe, na akifika kwenye seli huingia kwa kuisukuma, kwa muda wa chini ya dakika. Hachagui sana: karibu seli yoyote yenye kiini inamfaa, iwe ya misuli, ubongo, ini au kondo la nyuma. Anapoingia hujitengenezea kifuko kutokana na utando wa seli yenyewe, huku akiziacha nje protini ambazo zingekifanya kifuko hicho kiungane na lisosomu. Vimeng'enya vya kumeng'enya havimfikii. Humo hugawanyika kila baada ya saa sita hadi nane, watoto wawili wakiumbika ndani ya mama, mpaka seli ipasuke.

Leishmania yeye havunji mlango; hungoja amezwe. Promastigoti, umbo lenye mjeledi linaloachwa ngozini na nzi mchanga, humezwa na seli za kinga, na makao yake ya kudumu ni makrofaji, seli ambayo kazi yake ni kuua vijidudu. Kifuko chake huungana na lisosomu kama kawaida. Ndani mna asidi, kuna joto la mwili, na hali hizo hizo ndizo zinazomgeuza kuwa amastigoti: mviringo, mikroni 2 hadi 4, mjeledi umefupika usionekane nje. Amastigoti hustawi katika asidi hiyo na kuongezeka humo. Hili ndilo ningependa mlielewe kuliko yote. Mmoja huzuia lisosomu isimfikie, mwingine huishi ndani yake. Na kwa kuwa makrofaji zimejaa kwenye bandama, ini na uboho, mgonjwa wa kalaazari, yaani leishmania ya viungo vya ndani, huvimba bandama, hukonda, hupungukiwa damu, homa haimwachi.

Sasa wenyeji. Toksoplasma ana mwenyeji mkuu mmoja tu kwa ukoo: paka na jamaa zake, wakiwemo chui na simba. Paka wa soko la Mgandini akila panya mwenye sisti za bradizoiti, umbo linaloongezeka polepole na kujificha kwenye nyama, vimelea hukua katika kuta za utumbo wake mwembamba, huzaa jinsia mbili, hukutana, na oosisti hutoka na kinyesi. Paka huanza kuzitoa siku 3 hadi 10 baada ya kula, kwa wiki moja hadi tatu, na idadi yake hufika mamilioni. Kwa nini paka? Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa utumbo wa paka hauna kimeng'enya cha kubadili asidi ya linoleiki, hivyo asidi hiyo hulundikana, nayo ndiyo inayochochea uzazi wa jinsia. Oosisti mbichi haiambukizi. Inahitaji siku 1 hadi 5 nje, kwenye hewa na unyevu, ndipo ndani yake wapatikane sporozoiti wanane. Kwenye udongo mbichi hudumu miezi mingi.

Sisi, mbuzi, kuku na panya ni wenyeji wa kati. Lakini angalieni: kimelea hiki hakilazimiki kurudi kwa paka kila mara. Mtu akila nyama isiyoiva yenye sisti, anaambukizwa, na paka hakuhusika siku hiyo. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, takizoiti huvuka kondo na kumfikia mtoto.

Leishmania hana uhuru huo. Ukiacha njia chache kama damu ya kuongezewa na sindano za kushirikiana, lazima apite kwa nzi mchanga jike, flebotomu, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3, anayeuma jioni na usiku. Msimchanganye na usubi wa mito ya Usambara: yule huzaliana katika maji yaendayo kasi, flebotomu huzaliana udongoni, kwenye nyufa na vichuguu. Nzi hunyonya amastigoti; tumboni mwake huwa promastigoti wenye mjeledi, hujishika kwenye ukuta wa utumbo wasitolewe na mabaki ya damu, kisha huhamia mbele na kuziba njia ya chakula kwa ute wao. Nzi aliyezibwa hutapika vimelea ngozini anapojaribu kunyonya. Kubadilishana jeni ndani ya nzi kumeonekana, lakini mzunguko hautegemei jambo hilo kama oosisti zinavyotegemea utumbo wa paka. Ndiyo maana nzi huitwa msambazaji, si mwenyeji mkuu.

Mnyama wa akiba naye hubadilika kwa aina: mbwa kwa Leishmania infantum, panya kwa Leishmania major, pimbi kwa Leishmania aethiopica katika milima ya Ethiopia na Kenya. Kwa Leishmania donovani wa Afrika Mashariki, binadamu mwenyewe ni hifadhi kubwa.

Zahanati yenu itawaletea maswali haya kwa sura nyingine. Mama mjamzito wa Makorora akiuliza kama amfukuze paka wake, mwambieni ahurumiwe paka, lakini mchanga wa kinyesi ausafishe mtu mwingine kila siku kabla oosisti hazijakomaa, nyama iive vizuri, mboga zioshwe, mikono ioshwe baada ya kulima. Mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka sana akija na kichwa kinachouma, degedege au upande mmoja uliolegea, fikirieni sisti za zamani ubongoni zilizoamka. Dereva wa lori aliyekaa Baringo au Turkana, mwenye homa ya wiki nyingi na bandama iliyovimba huku kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, aulizwe alilala wapi.

Kazi ya Jumatatu: kila mmoja achore mizunguko yote miwili kwenye kurasa mbili tofauti. Wekeni alama nyekundu pale kimelea kinapogusa lisosomu, na alama ya bluu pale uzazi wa jinsia unapofanyika. Ukurasa wenye alama mahali pamoja kwa vimelea vyote viwili utarudishwa.