Yah: Maombi ya Cheti cha Mwenendo Mwema wa Kitaaluma kwa Ajili ya Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza

Dk. Neema Josephat Kimambo
(aliyesajiliwa kwa jina la Neema Josephat Mwasenga)
Namba ya usajili: MCT 6418
Mbeya

4 Mei 2026

Msajili,
Baraza la Madaktari Tanganyika,
Dodoma.

Ndugu Msajili,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni daktari niliyehitimu Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2014, na nimo katika rejesta ya Baraza lako tangu mwaka 2016 nilipomaliza utarajali na kupata usajili kamili. Leseni yangu ya kutoa huduma iko hai. Naomba Baraza linipatie cheti cha mwenendo mwema wa kitaaluma, kitakachotumwa kwa Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza (GMC), ambako nimeomba usajili pamoja na leseni ya kufanya kazi.

GMC humtaka mwombaji alete cheti kutoka kila chombo kilichomsajili au kumpa leseni katika miaka mitano iliyopita. Kwangu mimi vyombo hivyo ni viwili. Kuanzia Januari 2022 hadi Desemba 2023 nilifanya kazi Unguja nikiwa nimesajiliwa na Baraza la Madaktari Zanzibar, na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, cheti chenu hakiwezi kuzungumzia kipindi hicho. Zanzibar nimeshawaandikia barua yao. Naligusia hili mapema kwa sababu mtu wa London akisoma neno Tanganyika upande mmoja na Zanzibar upande mwingine, huku pasipoti ikisema Tanzania, anaweza kudhani nyaraka zinagongana. Sentensi moja kwenye cheti, inayosema kwamba mamlaka ya Baraza lako ni Tanzania Bara, itamaliza swali hilo kabla halijaulizwa.

Nije kwenye tarehe, maana hapa ndipo nilipoumia. GMC hukipokea cheti kama hakijapita miezi mitatu tangu kiliposainiwa. Septemba mwaka jana niliomba cheti kwenu na nikakipata bila usumbufu wowote. Kosa lilikuwa langu: nilikiomba mapema mno, wakati uhakiki wa shahada yangu kupitia mfumo wa EPIC ulikuwa haujakamilika. Ulipokamilika Januari, cheti kilikuwa kimeshapitwa na wakati. Sasa uhakiki huo umekwisha, matokeo ya mtihani wa lugha bado yanatambulika, na vyeti hivi viwili tu ndivyo vilivyobaki. Mtihani wa PLAB sehemu ya pili niliufanyia Manchester nikafaulu Agosti 2024, na mtu akishaufaulu ana miaka miwili ya kupewa usajili na leseni. Yangu inaisha Agosti hii. Ikipita, nitalazimika kufunga safari na kufanya mtihani upya, na gharama ya safari ile niliichanga kwa miaka mitatu. Kwa hiyo naomba, kama ratiba ya ofisi inaruhusu, cheti kisainiwe ndani ya mwezi huu wa Mei.

Kuhusu majina: katika rejesta mimi ni Neema Josephat Mwasenga. Niliolewa mwaka 2018, na pasipoti yangu inasomeka Neema Josephat Kimambo. Naomba cheti kitaje majina yote mawili na kieleze kuwa ni mtu mmoja. Nimeambatisha cheti cha ndoa na hati ya kiapo. Cheti cha Septemba kilikuwa na jina la rejesta peke yake, nami wakati ule sikuona kama lingekuwa tatizo.

Lipo jambo moja ambalo ningependa Ndugu Msajili alisome kwa utulivu. Mwaka 2019, nikiwa daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya mkoani Mbeya, nilimpokea mtoto wa miezi minane aliyekuwa akitapika na kulia kwa vipindi. Nilianza kumtibu kama mgonjwa wa kuhara. Saa tano baadaye, choo kilipoanza kuonyesha damu, nikatambua kuwa utumbo ulikuwa umejikunja ndani yake, nikampa rufaa ya upasuaji. Mtoto alifanyiwa upasuaji na akapona. Mama yake alilalamika kwamba nilichelewa, na malalamiko hayo yalifika katika Baraza. Alikuwa na haki ya kuuliza, na nilimjibu kila alichouliza. Kwa barua ya Machi 2020 Baraza lilinijulisha kwamba, baada ya kupitia jalada la mgonjwa na maelezo ya pande zote, halikuona shtaka la kujibu, na shauri likafungwa.

Ombi langu ni kwamba cheti kilitaje shauri hilo na kieleze lilivyomalizika. Najua wapo wenzangu wanaoomba mambo ya aina hii yaachwe kwa kuwa yamekwisha, na siwalaumu, kwani hofu ya kukataliwa ni kubwa. Lakini katika fomu ya GMC nimeulizwa kama nimewahi kuchunguzwa na chombo cha usimamizi, nami nimejibu ndiyo. Cheti kikisema hapajawahi kuwa na malalamiko yoyote dhidi yangu, mmoja wetu ataonekana hasemi kweli, mimi au Baraza. Tena tangu usiku ule kila mtoto mchanga anayetapika huku akilia kwa vipindi namshika tumbo mwenyewe kabla sijaandika chochote, na madaktari watarajali wanaopita wodini kwangu nawafundisha vivyo hivyo. Sioni sababu ya kulificha shauri lililonifanya niwe daktari makini zaidi.

Mengine ni mafupi. Naomba cheti kiandikwe kwa Kiingereza, kionyeshe tarehe ya usajili wa kwanza, aina ya usajili, hali ya leseni kwa sasa, na kama kuna zuio, sharti au shauri lolote linaloendelea dhidi yangu. Kwa ufahamu wangu hakuna. Kiwe na jina na cheo cha aliyesaini, tarehe na muhuri. Uhakiki wa shahada hauwahusu safari hii. Tafadhali kitumwe kwa barua pepe moja kwa moja kutoka Baraza kwenda GMC, kwa anwani iliyomo katika barua yao niliyoiambatisha, kikitaja namba yangu ya kumbukumbu iliyo juu ya barua hiyo. Nakala yangu naweza kuifuata mwenyewe Dodoma siku yoyote nitakayoitwa.

Ada nimelipa kwa namba ya malipo niliyopewa na mfumo, na stakabadhi imo pamoja na nakala za pasipoti, cheti cha usajili, leseni hai, cheti cha ndoa, hati ya kiapo, barua ya Baraza ya Machi 2020 na barua ya GMC. Nimeambatisha pia idhini yangu iliyosainiwa, inayoliruhusu Baraza kutoa taarifa zangu za usajili na za nidhamu kwa GMC, wakiwamo maofisa wao watakaopenda kuuliza zaidi baada ya kusoma cheti. Simu na barua pepe yangu ni zile zile zilizomo katika akaunti yangu ya Baraza. Kikikosekana chochote, naomba nipigiwe simu siku hiyo hiyo, hata saa za jioni.

Wako katika taaluma,

Dk. Neema Josephat Kimambo