Mwongozo wa Alama kwa Majaji: Gemu za Wanafunzi Zilizotengenezwa kwa Saa 48

Mada: "Daladala ya mwisho". Jumla ni alama 100. Cheza kila gemu dakika 10 kabla ya kusoma maelezo ya timu.

Ubunifu (40)
31–40: kanuni ya mchezo ni ngeni, na mada imo kwenye uchezaji wenyewe, si pichani tu.
16–30: wazo linalojulikana, limegeuzwa kwa akili.
0–15: gemu ya nyoka iliyopakwa rangi ya daladala. (Zitakuja, jiandaeni.)

Unadhifu (30)
Inafunguka, vitufe vinaitikia, sauti haikwaruzi. Ikiganda, punguza alama 5 kila mara. Michoro ya penseli isiadhibiwe.

Mipaka ya kazi (30)
Hatua moja iliyokamilika inashinda tano za nusunusu. Menyu yenye "inakuja hivi karibuni" haivuki 10.

Sare: Ubunifu huamua. Usimpe alama mwanafunzi wako.