Vidole vya Nyuma ya Pazia

Picha za zamani mimi huziweka kando mpaka jioni, duka likitulia. Wenye nazo hawana haraka, na kwenye kulipa ndiyo kabisa. Mchana wa Kariakoo ni wa picha za pasipoti, vyeti vya kutoa kopi, na vijana wanaotaka barua ya maombi ya kazi ichapwe huku wamesimama mlangoni. Mama Sada alifika saa saba, jua la utosi, na nilipomwambia arudi jioni akavuta kiti akakaa.

"Nimetoka Magomeni kwa mwendokasi, nimesimama njia nzima. Nikitoka hapa leo sirudi, najijua."

Alifungua mkoba, akatoa bahasha, ndani ya bahasha kitambaa, ndani ya kitambaa picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Msichana wa miaka minane hivi, gauni la marinda lenye kola pana, soksi nyeupe, viatu vya mkanda. Nyuma yake pazia la studio lililochorwa bahari, minazi miwili na meli inayotoa moshi. Ukungu ulikuwa umeshaila mbingu yote ya upande wa kulia, na kingo zilikuwa zimeanza kung'aa kifedhafedha, ugonjwa wa picha za namna ile zikikaa mahali penye unyevu. Nyuma paliandikwa kwa peni ya bluu: Kulwa, 1983.

"Kulwa ndiye mimi. Doto yuko Maskati, anayo yake. Tulipigwa siku moja, studio moja, hapahapa Kariakoo. Nataka utuunganishe. Picha ya utotoni tuko wawili hatuna hata moja."

"Mama, mlikwenda studio pamoja, mkapigwa mmojammoja?"

"Filamu ilikuwa ghali," alisema, akaangalia barabarani.

Sikuliuliza tena. Ila kama filamu ni ghali, watu huwa wanajibana kwenye picha moja, hawapigi mbili.

Doto alipokea simu ya video kabla haijaita mara ya pili. Sura ile ile, isipokuwa huyu alikuwa na miwani na shavu lililonenepa kidogo. Sauti ndiyo iliyokuwa mbali na ya dada yake: alizungumza Kiunguja cha kuvuta, kilichochanganyika na lafudhi ya Kiarabu.

"Wewe ndiye fundi? Haya mwanangu, mie picha nishakutumia."

Kweli alikuwa ameituma. Alikuwa ameipiga kwa simu ikiwa ukutani, ndani ya fremu, na juu ya kioo nilimwona yeye mwenyewe, taa ya dari na kona ya jokofu. Nikamwomba aitoe kwenye fremu, ailaze mezani karibu na dirisha, azime mwanga wa simu, apige akiwa ameielekea sawasawa, kisha aitume kama dokumenti. Ukiituma kama picha, WhatsApp inaibana na nyuzi za gauni zinageuka uji.

"Fremu hii haijafunguliwa tangu niolewe," alilalamika. Tukasikia droo ikifunguliwa, kisu kikikwaruza mbao, mtoto akiulizwa bisibisi iko wapi.

Huku nyuma nikaiskani ya Kulwa kwa 600 na kuanza kuondoa ukungu. Mbingu haina taabu, unakopa kipande safi cha jirani. Usoni ndipo pa kwenda polepole, maana ukifuta doa bila kuangalia unaweza kumfuta mtu na kovu lake. Mama Sada alisimama nyuma yangu, ananipumulia begani, kila nikisogeza kipanya anasema "Hapo hapo."

Ya Maskati ilipoingia nikaiweka juu ya ya Magomeni, nikaififisha mpaka zote mbili zikawa zinaonekana, nikaivuta na kuipunguza mpaka meli ikakaa juu ya meli na mnazi juu ya mnazi. Bahati yetu pazia lilikuwa lilelile na taa hazikuhamishwa, vivuli vyote vimeangukia kushoto. Kulwa alisimama upande wa minazi, Doto upande wa meli. Ilikuwa kama aliyewapiga alijua kuwa ipo siku mtu atawasogeza.

Nikakuza kuangalia kola. Kifungo cha pili cha Kulwa hakikuwepo, palikuwa na pini. Nikaenda kwa Doto. Kifungo cha pili, pini, imelala upande uleule. Chini, kwenye rinda la tatu, doa dogo lenye umbo la embe. Kwa mwenzake, rinda la tatu, doa la embe.

"Fundi wenu alikuwa hatari," nilisema. "Kawashonea sare mpaka doa."

Mama Sada hakucheka. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye mashine ya kudurufu na Doto alikuwa anatuangalia.

"Si nilikwambia," alisema Doto, "tulikuwa na magauni ya pacha. Watoto wangu nawahadithia kila siku."

"Gauni lilikuwa moja, Doto."

"Moja vipi?"

"Moja. Na viatu pea moja. Ulivaa, ukapigwa, ukavua, nikavaa mimi."

Mimi nilikuwa sijazaliwa, mwaka 1983 nimeusoma darasani: vita vya Kagera vimekwisha juzijuzi, madukani hakuna kitu, na Sokoine, Waziri Mkuu, anawasaka wahujumu uchumi. Mama Sada aliueleza kwa namna nyingine. Mama yao alipata kitambaa cha tetroni kwa mlango wa nyuma, cha magauni mawili. La kwanza likashonwa. Kabla ya la pili, mtaa mzima ukaambiwa wanakagua nyumba kwa nyumba, na mwenye mali isiyo na risiti anaondoka nayo. Watu walitupa sukari, walitupa sabuni. Mama akakitosa kitambaa kilichobaki chooni usiku, akakisukuma kwa mti wa ufagio.

"Asubuhi hakuna aliyekuja kukagua," alisema. "Choo kikaziba mwezi mzima."

Doto alikuwa amevua miwani. "Mie sikumbuki hata kimoja."

"Utakumbukaje? Wiki ile ile ulipelekwa Unguja kwa shangazi. Ndiyo maana tulipigwa picha. Baba alitaka yako ibaki kwangu, na yangu uende nayo. Wakazichanganya."

Hapo nikarudi kwenye kompyuta, maana mazungumzo ya watu wazima yakifika huko kijana mwenye akili hutafuta kazi. Nikaanza kusafisha kingo za picha ya Doto, sehemu iliyokuwa imefunikwa na mbao ya fremu miaka yote. Kushoto kabisa pazia la bahari liliishia, likafuata pazia jingine, la kitambaa cheusi, la kubadilishia nguo. Chini yake kulikuwa na kitu cheupecheupe. Nilidhani ukungu. Nikakuza. Vidole vitano vya mguu, peku, vimekunjamana kwenye sakafu ya saruji.

"Futa hapo, kuna uchafu," alisema Doto nilipomwonyesha.

"Usifute," alisema Mama Sada. "Huo mguu wangu."

Akaniomba nisogee, akainamia kioo cha kompyuta mpaka pua ikakaribia kugusa. Alikuwa nyuma ya pazia lile amejifunga khanga ya mama yao, anasubiri zamu ya gauni. Alichungulia kwa tundu la juu, miguu akaisahau.

"Lakini dada, ukiuacha utakuwa na miguu mitatu," alisema Doto. "Umesimama pale na viatu, halafu upo na huku peku. Watu watauliza."

"Waulize."

"Sasa na lile gauni tutakuwa tumelivaa wote wawili kwa mara moja. Hiyo nayo si uongo?"

"Huo ni wa fundi. Mguu ni wa kweli."

Nilitaka kusema kwamba fundi yupo na anasikia.

"Na gauni uliondoka nalo," Mama Sada aliendelea, na sauti ilibadilika, ikawa ya mtu mdogo kuliko yeye. "Lilishonwa kwa kipimo changu. Mama alisema Doto anakwenda kwa watu, hawezi kwenda na viraka. Sawa. Nikabaki na picha. Kila Idi najiuliza, saa hizi Doto kavaa gauni langu yuko Forodhani anakula urojo."

Doto alikaa kimya. Nyuma yake mtu alipita, akaambiwa kwa Kiarabu atoke.

"Kulwa," alisema. "Lile gauni mie sikulivaa Unguja hata siku moja."

"Acha maneno."

"Wallahi. Nilipofika tu, shangazi alilitoa sandukuni, akasema zuri mno hili, akampa binti wa mumewe. Likambana kwapani akalichana palepale. Mie kutwa natazama likipigiwa deki." Alijaribu kucheka. "Nikawa nawaza, bora ningemwachia Kulwa. Nikakuona na gauni jipya huko Dar, la pili, lililobakia. Si nilijua kitambaa kipo? Mie sikuambiwa kuhusu choo!"

Mama Sada aliangalia simu, akaangalia kompyuta, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka jamaa wa vifaa vya simu jirani akachungulia. Doto naye akadakia. Walicheka pumzi ikawakatika kwa zamu, na mmoja akikaribia kunyamaza mwenzake anasema "chooni!" wanaanza upya. Mteja aliyetaka kopi ya kitambulisho aliondoka.

Waliponyamaza nikauliza, kwa sababu kazi ni kazi: "Kwa hiyo vidole nifanyeje?"

"Viache," alisema Doto. "Na pini iache. Ila huo ukungu wa usoni kwa dada yangu uondoe, atadhaniwa ana ndui."

Nikaweka kivuli cha Kulwa miguuni pa Doto kidogo, wasionekane wamekatwa na kubandikwa, nikawaacha na nafasi ya kiganja kati yao. Doto akataka wasogezwe zaidi. Nikawasogeza mpaka rinda likagusana na rinda, ambalo ni hilohilo moja. Vidole vikabaki kushoto kabisa. Nikawaonyesha.

"Printi mbili, saizi ya A4, na moja uitume Maskati kwa dokumenti," alisema Mama Sada. "Bei gani?"

"Elfu thelathini, mama. Picha mbili kusafisha, na kuunganisha."

"Picha mbili ziko wapi? Si umeshaziunganisha? Hiyo ni moja."

"Mlipe kijana," alisema Doto. "Au niletee namba yake, nimtumie mie."

"Hulipi wewe. Wewe uliondoka na gauni."

"Nimeshakwambia sikulivaa!"

"Elfu ishirini," aliniambia Mama Sada, akifungua pochi. "Na vidole hujavifanyia kazi yoyote, usivihesabu."