Tiketi: Sachi ya stoo haileti bidhaa zenye ng' ukiandika kwa aifoni, kwenye kompyuta inaleta

Kaka, hii ndo ile tiketi uliyoifunga jana ukasema "kwangu inafanya kazi". Nimeifungua tena maana nimeongea na mteja kwa simu na kweli kwako lazima ifanye kazi, soma mpaka chini utaona kwa nini.

Alichoandika mteja, naiacha kama ilivyo:

"Sistimu yenu imeharibika bidhaa zimepotea jana zilikuwepo!! nikasajili upya sasa inaonekana ila stoki sio yake. Rekebisheni haraka"

Hapo kuna mambo mawili kayachanganya. Hakuna bidhaa iliyopotea, zote ziko kwenye orodha ukiteremka mwenyewe bila kusachi. Kinachogoma ni sachi, tena kwa bidhaa zenye ng' tu kwenye jina. Na ile "jana zilikuwepo" ilinisumbua sana mpaka nilipomuuliza jana ulikuwa unatumia nini, akasema kompyuta ya ofisini, leo yuko stoo na simu. Basi hapo ndo nikashtuka.

Jinsi ya kuitoa:

1. Chukua aifoni, fungua Safari, ingia seva ya majaribio kwa akaunti ya mtunza stoo. Hakikisha Settings > General > Keyboard > Smart Punctuation imewashwa (huwa imewashwa yenyewe, mteja hajagusa kitu).
2. Nenda Bidhaa, kwenye kisanduku cha kutafuta andika kwa vidole `ng'ombe`. Usipesti kutoka kwenye kompyuta, ukipesti inaleta vizuri na utanirudishia tiketi tena.
3. Bonyeza Tafuta.

Inayotakiwa: zije "Kamba ya ng'ombe" na "Dawa ya minyoo ng'ombe 1L", zote mbili zipo kwenye data za majaribio.
Inayotokea: "Hakuna matokeo". Hakuna erori nyekundu, haigandi, ukurasa mweupe tu.

Sababu ninavyoiona ni kwamba kibodi ya aifoni inageuza ile alama ya juu iliyonyooka kuwa iliyopinda, kwa macho huwezi kuona tofauti kwenye fonti yetu, ila kwenye data majina yamehifadhiwa na iliyonyooka kwa hiyo hazifanani. Kama huna aifoni karibu usihangaike kuitafuta, hii inatosha:

```
curl "http://localhost:8080/api/bidhaa?q=ng%27ombe"
curl "http://localhost:8080/api/bidhaa?q=ng%E2%80%99ombe"
```

Ya kwanza inarudisha mbili, ya pili inarudisha `[]`. Sasa hapo usiniambie tena kwako inafanya kazi 😅

Nilichojaribu: Androidi yangu kwa Chrome inaleta freshi. Aifoni hiyohiyo nikizima Smart Punctuation inaleta. Nikiandika "ombe" tu au "kamba" inaleta, kwa hiyo sio intaneti na sio ruhusa za akaunti. Mteja yuko iOS 17, toleo letu 2.8.1. Matoleo ya nyuma sijayagusa ila sidhani kama ni kitu kipya, nahisi wengi walikuwa wanatumia kompyuta tu.

Jambo la pili, stoki. Alipoikosa ile dawa akaisajili upya kwa simu, na sisi tukaipokea bila kulalamika kwa sababu kwa sistimu hilo ni jina lingine kabisa, ile alama iliyopinda imehifadhiwa hivyohivyo. Sasa ana "Dawa ya minyoo ng'ombe 1L" mbili, ya zamani ina chupa 14 na mpya ina 6. Akisachi kwa simu anaiona mpya tu, akisachi kwa kompyuta anaiona ya zamani tu, ndo maana anaona namba inarukaruka na mimi simlaumu, hata mimi ningesema sistimu ina mashetani.

Kwa hiyo ukirekebisha sachi peke yake bila kugusa pale pa kusajili, majina mapacha yataendelea kuzaliwa. Namna ya kufanya ni yako, mimi nasema tu pande zote mbili ziangaliwe.

Ombi moja: ile rekodi mpya usiifute kwenye seva halisi, ameshatoa mzigo kwa kutumia hiyo na kuna risiti zimefungwa nayo. Nimemwambia kwa sasa atafute kwa "minyoo" na asisajili kitu chochote kwa simu mpaka nimpigie. Skrinshoti zote mbili nimeambatisha, ya simu na ya kompyuta, za akaunti ileile.