Kosaini ya pembe mara tatu, na mlinganyo wa kipeo cha tatu unaokataa kugawanyika

Notisi za hisabati, Kidato cha Tano

Chukueni mlinganyo huu:

x³ − 12x + 8 = 0

Mmezoea kuanza kwa kujaribu vigawo vya 8: yaani 1, 2, 4 na 8, chanya na hasi. Jaribuni. Ukiweka 1 unapata −3, ukiweka 2 unapata −8, ukiweka 4 unapata 24. Hasi zake nazo hazitoi sifuri, na 8 yenyewe iko mbali kabisa. Kwa hiyo hakuna jibu ambalo ni namba kamili, na kwa kuwa kizigeu cha x³ ni 1, hakuna hata jibu la sehemu.

Hata hivyo majibu yapo, tena matatu. Kushoto ya mlinganyo, x = −4 inatoa −8 na x = −2 inatoa 24, hivyo grafu imekata mhimili wa x mahali fulani kati yake. Inakata tena kati ya 0 na 1, kisha kati ya 3 na 4. Tutayapata yote matatu kwa kutumia trigonometria, somo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusiani na mlinganyo huu hata kidogo.

Tuanze na kanuni yenyewe. Tunachohitaji ni kanuni za kujumlisha pembe, ambazo tulizithibitisha muhula uliopita. Pembe 3θ tunaiandika 2θ + θ:

cos 3θ = cos(2θ + θ)
= cos 2θ cos θ − sin 2θ sin θ

Kwa cos 2θ tuna sura tatu za kuchagua. Tunataka kosaini peke yake ibaki mwishoni, kwa hiyo tunachukua 2cos²θ − 1. Na sin 2θ ni 2 sin θ cos θ. Basi:

cos 3θ = (2cos²θ − 1) cos θ − (2 sin θ cos θ) sin θ
= 2cos³θ − cos θ − 2 sin²θ cos θ

Saini imebaki, lakini iko kwenye kipeo cha pili, na hapo inaondoka kirahisi kwa sababu sin²θ = 1 − cos²θ:

= 2cos³θ − cos θ − 2(1 − cos²θ) cos θ
= 2cos³θ − cos θ − 2cos θ + 2cos³θ

cos 3θ = 4cos³θ − 3cos θ

Angalieni alama pale mnapofungua mabano ya mwisho: hasi mara hasi ndiyo iliyotupa 2cos³θ ya pili. Hakikisheni kwa pembe mnayoijua. Ukiweka θ = 60°, upande wa kushoto ni cos 180° = −1. Upande wa kulia ni 4 × 1/8 − 3 × 1/2 = 1/2 − 3/2 = −1. Zinalingana.

Sasa isomeni kanuni hii kwa jicho lingine. Andikeni c badala ya cos θ, mtaona upande wa kulia ni 4c³ − 3c. Hiyo ni polinomia ya kipeo cha tatu isiyo na c². Kanuni inatuambia kwamba polinomia hii, iliyo ngumu kuitatua, ni sawa na kosaini moja tu ya pembe nyingine. Na mlinganyo wenye kosaini moja tunaujua tangu zamani.

Mfano rahisi kwanza, wa aina inayopendwa kwenye mitihani:

8x³ − 6x − 1 = 0

Gawanya kwa 2, upate 4x³ − 3x = 1/2. Weka x = cos θ. Upande wa kushoto unageuka kuwa cos 3θ:

cos 3θ = 1/2

Tunatafuta θ kuanzia 0° hadi 180°, kwa sababu katika eneo hilo kila thamani ya kosaini inatokea mara moja tu. Hivyo 3θ inakwenda kutoka 0° hadi 540°, na hapa ndipo wengi wanapoteza alama: wanaandika 60° na kuacha. Kosaini ni 1/2 kwenye 60°, 300° na 420°. Kwa hiyo θ ni 20°, 100° na 140°, na majibu ni

x = cos 20° ≈ 0.9397
x = cos 100° ≈ −0.1736
x = cos 140° ≈ −0.7660

Mwanafunzi makini atauliza: tulipata wapi ruhusa ya kuweka x = cos θ? Kosaini haizidi 1 wala haishuki chini ya −1. Je, kama kuna jibu lililo nje ya hapo? Jibu ni kwamba tumepata majibu matatu yaliyo tofauti, na mlinganyo wa kipeo cha tatu hauwezi kuwa na zaidi ya matatu. Hakuna lililobaki nje. Sentensi hiyo iandikeni kwenye karatasi ya mtihani, maana bila yake hoja haijakamilika.

Turudi sasa kwenye x³ − 12x + 8 = 0. Hapa x = cos θ haifai moja kwa moja, kwa sababu vizigeu 1 na 12 havina uwiano wa 4 kwa 3. Tunahitaji kuvuta kipimo cha x. Weka x = k cos θ, na k tutaichagua wenyewe:

k³cos³θ − 12k cos θ = −8

Tunataka k³ na 12k ziwe na uwiano wa 4 kwa 3, yaani k³/4 = 12k/3. Hiyo inatoa k² = 16, tunachukua k = 4. Hatua hii ya kuchagua k ndiyo roho ya njia nzima. Yaliyobaki ni hesabu.

64cos³θ − 48cos θ = −8
16(4cos³θ − 3cos θ) = −8
cos 3θ = −1/2

Kati ya 0° na 540°, 3θ ni 120°, 240° na 480°. Basi θ ni 40°, 80° na 160°:

x = 4cos 40° ≈ 3.064
x = 4cos 80° ≈ 0.695
x = 4cos 160° ≈ −3.759

Yako pale pale grafu ilipotuonyesha. Jumlisheni: mnapata 0, kama inavyopaswa kwa mlinganyo usio na x². Zidisheni yote matatu: mnapata −8, ukiacha tofauti ndogo ya kukadiria desimali.

Mlinganyo ukija na x², usiogope. Kwa mfano y³ − 3y² − 9y + 19 = 0. Chukua kizigeu cha y², kigawe kwa 3, ubadilishe alama: inakuwa 1. Weka y = x + 1, fungua mabano, na x² inafutika. Kinachobaki ni x³ − 12x + 8 = 0, ule ule tuliokwisha kuutatua. Ongeza 1 kwa kila jibu.

Kwa jumla, ukiwa na x³ = px + q, weka k = √(4p/3), na mlinganyo unakuwa

cos 3θ = 4q/k³

Njia inafanya kazi pale p ni chanya na upande wa kulia uko kati ya −1 na 1. Ukiandika sharti hilo kwa p na q unapata 27q² ≤ 4p³. Zikilingana, majibu mawili yanaungana kuwa moja. 27q² ikizidi, jibu halisi ni moja tu, na kosaini haitusaidii.

Sharti hilo lina historia ninayotaka muijue. Mwaka 1545 Mwitaliano Girolamo Cardano alichapisha kanuni ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu kwa vipeuo vya pili na vya tatu. Ndani ya kanuni yake kuna kipeuo cha pili cha q²/4 − p³/27. Pale ambapo 27q² ni ndogo kuliko 4p³, yaani pale mlinganyo una majibu halisi matatu yaliyo tofauti, kiasi hicho ni hasi. Kanuni inamlazimisha mtu apite kwenye vipeuo vya namba hasi ili afike kwenye majibu ambayo ni namba za kawaida kabisa.

Rafael Bombelli, mwaka 1572, aliushughulikia mfano maarufu: x³ = 15x + 4. Jibu moja ni 4, kila mtu analiona. Lakini kanuni ya Cardano inatoa jumla ya vipeuo vya tatu vya 2 + √(−121) na 2 − √(−121). Bombelli alionyesha kwa uvumilivu jinsi ya kuzishughulikia namba hizo hadi 4 itoke, na hapo ndipo hesabu ya namba changamano ilipoanza kueleweka.

Mfaransa François Viète, aliyefariki mwaka 1603, alipita njia ya pembe, ambayo ndiyo hii yetu. Tuone inavyoushinda mfano wa Bombelli. Hapa p = 15, hivyo k² = 20, k = 2√5 na k³ = 40√5.

cos 3θ = 16/(40√5) = 2/(5√5) ≈ 0.17889

Kikokotoo kinatoa 3θ ≈ 79.695°, basi θ ≈ 26.565°, na x = 2√5 × cos 26.565° = 4. Pembe nyingine ni 120° − 26.565° na 120° + 26.565°, zinazotoa x ≈ −0.268 na x ≈ −3.732, yaani −2 + √3 na −2 − √3. Hakuna kipeuo cha namba hasi kilichoguswa popote.

Zaidi ya miaka 100 kabla ya Cardano, Jamshid al-Kashi, aliyefariki Samarkand mwaka 1429, alitumia kanuni ndugu ya hii, sin 3θ = 3 sin θ − 4sin³θ. Saini ya 3° inapatikana kwa vipeuo vya pili. Yeye alitaka ya 1°. Akaigeuza kanuni kuwa mlinganyo wa kipeo cha tatu, akaukaribia hatua kwa hatua hadi akapata thamani sahihi ya kushangaza kwa zama zake.

Na ule mlinganyo wa mfano wetu rahisi, 8x³ − 6x − 1 = 0, una siri. Jaribuni 1, 1/2, 1/4, 1/8 na hasi zake: hakuna inayofaa, kwa hiyo hauna jibu la sehemu. Mwaka 1837 Pierre Wantzel alithibitisha kwamba urefu unaotokana na mlinganyo wa namna hii hauwezi kuchorwa kwa rula isiyo na alama na bikari. Kwa kuwa cos 20° ni jibu lake, pembe ya 60° haiwezi kugawanywa mara tatu kwa vifaa hivyo viwili.

Kwa ajili ya Jumatatu, tatueni hii miwili na mlete kazi yote, si majibu tu:

(a) x³ − 3x + 1 = 0
(b) x³ − 6x − 4 = 0

Kwenye (b) acheni vikokotoo mfukoni. 3θ ya kwanza ni pembe mnayoijua kwa moyo, na majibu yote matatu yanaandikika kwa ukamilifu bila desimali.