Rufaa dhidi ya Alama za Mtihani wa Takwimu

12 Septemba

Mwenyekiti,
Kamati ya Mitihani,
Kupitia: Mkuu wa Idara ya Hisabati na Takwimu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA ALAMA ZA MTIHANI WA MWISHO, SOMO LA TAKWIMU ZA AWALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na tarehe 2 Septemba nilipata matokeo ya somo hili: alama 49, daraja D. Tarehe 9 Septemba niliruhusiwa kuiona karatasi yangu ya majibu mbele ya ofisa wa mitihani, na ndipo nilipobaini mambo mawili ninayoomba Kamati iyaangalie.

La kwanza ni la hesabu tu. Alama zilizoandikwa ndani ni 17, 14, 8 na 19 kwa maswali manne, ambazo jumla yake ni 58, ilhali jaladani imeandikwa 49.

La pili linahusu swali la 3. Sehemu (b), yenye alama 8, ilituagiza kukokotoa mkengeuko sanifu wa sampuli ya vipimo 4, 6, 8, 10 na 12. Wastani wake ni 8, na jumla ya miraba ya tofauti ni 40. Kwa kuwa swali lenyewe limetaja sampuli, niligawanya kwa n − 1, yaani 4, nikapata 10, ambayo kipeuo chake cha pili ni 3.16. Kwenye ukurasa wa 7 jibu hilo limekatwa kwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa 2.83, jibu linalopatikana kwa kugawanya kwa 5, njia inayotumika pale vipimo vinapokuwa vya kundi zima na si sampuli. Sehemu (c), yenye alama 6, ilitegemea jibu la (b), hivyo nayo nikapewa sifuri, ingawa hatua zote za kazi zinaonekana.

Sina shaka na nia njema ya msahihishaji, na siombi maswali mengine yasahihishwe upya. Ninachoomba ni kwamba jumla irekebishwe iwe 58. Sehemu (b) na (c) za swali la 3 zisahihishwe na mtahini mwingine. Na daraja lililo kwenye kumbukumbu zangu libadilishwe kulingana na alama zitakazopatikana. Iwapo Kamati itaona jibu la 2.83 ndilo sahihi, naomba nielezwe sababu kwa maandishi.

Usajili wa masomo ya muhula ujao unafungwa tarehe 30 Septemba, na kwa daraja D siruhusiwi kusajili somo la Takwimu za Kati. Kwa hiyo nitashukuru sana nikipata uamuzi kabla ya tarehe hiyo. Niko tayari kufika mbele ya Kamati nikihitajika.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi mwenye namba ya usajili 21187

Viambatisho: nakala ya karatasi ya maswali, nakala ya matokeo.